Vita na Amani kwa wiki 22

Riwaya ya Leo Tolstoy iitwayo Vita na Amani huchapishwa kwa kurasa 1,200 hivi, wakati mwingine zaidi, kutegemea ukubwa wa herufi. Watu wengi wanaoishindwa huachia njiani kati ya ukurasa wa 100 na wa 200. Lugha yake si ngumu, na kisa chake hakichoshi. Kinachowashinda ni kwamba waliianza bila hesabu: leo kurasa 40 kwa sababu ni Jumapili, kisha siku nne bila kuigusa, na wanaporudi hawakumbuki tena Boris ni mtoto wa nani.

Hesabu ya kwanza isiwe ya kurasa. Iwe ya sura. Tolstoy alikigawa kitabu katika juzuu nne na hitimisho lenye sehemu mbili, na jumla yake ni sura 361. Tafsiri ya Louise na Aylmer Maude, ambayo hupatikana bure mtandaoni kwa sababu haki zake zimekwisha muda, inazigawa tofauti kidogo na kufikia sura 365. Ukigawanya kurasa 1,200 kwa sura 361 unapata kurasa tatu na kidogo kwa kila sura. Hapo ndipo unafuu ulipo. Kitabu kinachoonekana kama tofali kimejengwa kwa vipande vifupi sana, na karibu kila kipande kina mwanzo na mwisho wake. Anayesoma kwa simu hana budi kuhesabu kwa sura, maana ukurasa wa simu hubadilika kila anapokuza maandishi.

Hata hivyo kurasa zina kazi yake: zinakuonyesha mzigo wa siku. Soma sura tatu za mwanzo huku umetazama saa. Tuseme ni kurasa 10 na zimekuchukua dakika 25, yaani dakika mbili na nusu kwa ukurasa. Ongeza dakika tano za kuandika. Nusu saa kwa siku ni muda ambao mtu mwenye kazi na familia anaweza kuulinda, kwa hiyo lengo ni sura tatu, takriban kurasa 10, siku sita kwa wiki. Siku ya saba iache wazi kabisa. Isiwe ya kusoma ziada. Iwe akiba ya siku moja itakayopotea, kwa sababu itapotea.

Sura 18 kwa wiki zinakumalizia kitabu kwa wiki 20, na inabaki sura moja. Lakini mpango wa wiki 20 kamili huvunjika mgonjwa wa kwanza anapoingia nyumbani. Afadhali upange juzuu kwa juzuu, kila moja iishe mwisho wa wiki. Juzuu ya kwanza ina sura 65: ipe wiki nne. Ya pili ina 98: wiki sita. Ya tatu ina 96: wiki sita pia. Ya nne ina 74: wiki nne, na zile sura mbili zinazozidi zisomwe siku ya mapumziko. Hitimisho lina 28: wiki mbili. Jumla ni wiki 22, na ndani yake akiba imeshatawanywa pale itakapohitajika, mwishoni mwa kila juzuu ndefu. Andika tarehe hizo tano kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Tarehe tano zinatosha. Jedwali la siku 154 huchafuka wiki ya pili, na likishachafuka mtu hulitupa pamoja na kitabu.

Wapo wanaopendelea sura moja kwa siku, mwaka mzima. Ni mpango unaojulikana sana kwa sababu 361 inakaribia siku za mwaka. Kwangu mimi ni wa polepole mno kwa anayesoma mara ya kwanza. Mhusika anaweza kutoweka kwa sura 40, na sura 40 kwa mwendo huo ni wiki sita kasoro siku mbili. Anaporudi, ni mgeni.

Hapo ndipo tunafika kwenye daftari, na daftari ndilo linaloamua kama utamaliza. Kitabu hiki kina wahusika zaidi ya 500. Wengi hupita mara moja tu na huna haja ya kuwakumbuka, lakini wale wakuu huitwa kwa majina mengi. Mrusi ana jina lake, jina linalotokana na la baba, na jina la ukoo, kisha nyumbani ana jina la kudekezwa. Natalya Ilyinichna Rostova ni kama kusema Natalya binti Ilya wa ukoo wa Rostov. Nyumbani anaitwa Natasha, na penye Kifaransa ni Natalie. Mama yake pia ni Natalya. Pierre, kijana mnene mwenye miwani tunayekutana naye mapema, ndiye Pyotr Kirillovich na ndiye Bezukhov. Nikolai wako wawili wakubwa: kaka yake Natasha, na baba yake Andrei Bolkonsky. Tena jina la ukoo la mwanamke huongezwa silabi: kaka ni Bolkonsky, dada ni Bolkonskaya.

Usiandike majina haya kwa mpangilio wa alfabeti. Yaandike kwa nyumba. Fungua kurasa za nyuma za daftari, na kila ukoo uupe ukurasa wake: Bolkonsky, Rostov, Bezukhov, Kuragin, Drubetskoy. Juu weka wazazi, chini watoto, na mbele ya kila mtu andika majina yote unayomwona akiitwa, hata yakifika manne. Ukurasa wa sita uwe wa wasio na nyumba katika kisa: makamanda, wanajeshi kama Denisov na Dolokhov, wenye hafla. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Amekulia katika kuuliza huyu ni mtoto wa nani na ameoa wapi, na Tolstoy amejenga kitabu kizima juu ya maswali hayohayo.

Sehemu ya mbele ya daftari iwe ya sura, mstari mmoja kila sura. Si muhtasari. Mstari unajibu mambo matatu: wapi na lini, nani yupo, na nini kimebadilika au kimepangwa. Sura ya kwanza ya kitabu inaweza kuandikwa hivi: «Petersburg, Julai 1805. Anna Pavlovna na Vasili Kuragin. Wanapanga kumwoza Anatole kwa Marya Bolkonskaya.» Mazungumzo yao ni marefu, yamejaa siasa za Napoleon, na ni rahisi kudhani kwamba kiini ni siasa. Lakini jambo la ndoa ndilo litakalorudi. Katika sehemu ya tatu ya juzuu hiyo, karibu na sura ya 49 ya kitabu, Vasili anafunga safari na mwanawe hadi nyumbani kwa akina Bolkonsky. Kwa mwendo wa sura 18 kwa wiki utakuwa kwenye wiki ya tatu. Asiye na ule mstari atashangaa wamefuata nini. Mwenye nao atafungua daftari na kuona njama ilianza ukurasa wa kwanza.

Mstari huo pia ndio kipimo cha mwendo. Ukifunga kitabu na kushindwa kuuandika bila kurudi kuchungulia, umesoma kwa haraka kuliko ulivyoelewa, na kesho soma sura mbili badala ya tatu. Likitokea siku moja, ni uchovu. Likitokea siku tatu mfululizo, lengo lako ni kubwa mno, na afadhali usogeze tarehe ya mwisho kwa wiki tatu au nne kuliko kuendelea kupitisha macho.

Kuhusu tarehe, weka alama ndogo mahali fulani. Urusi ya wakati huo ilifuata kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 12 katika karne ya 19. Vita vya Borodino vilipiganwa tarehe 26 Agosti 1812 kwa hesabu ya Warusi na 7 Septemba kwa hesabu yetu. Ukisoma kitabu cha historia sambamba na riwaya, utadhani mmoja wao amekosea.

Mwendo hautakuwa sawa njia nzima, na ni vizuri kujua mapema utakwama wapi. Mahali pa kwanza ni baada ya sura ya 25. Umeshazoea kumbi za Petersburg na Moscow, ghafla uko kwa wanajeshi karibu na Braunau, Austria, na karibu kila jina ni jipya. Wengi huacha hapa. Wiki hiyo usiongeze kurasa hata ukiwa na muda. Ongeza majina kwenye ukurasa wa sita. Mahali pa pili ni sehemu ya pili ya juzuu ya tatu, yenye sura 39, ambayo nusu yake ya mwisho ni Borodino. Katika sura ya 19 mwandishi anasimamisha hadithi na kueleza vita kwa mchoro wa ramani. Nakili ramani hiyo kwa kalamu ya risasi kwenye daftari, hata kwa mistari minne tu, kisha ujue Pierre amesimama wapi na Andrei yuko wapi. Sura 20 zinazofuata zitasomeka kwa nusu ya taabu.

Kinyume chake, sehemu ya nne ya juzuu ya pili ina sura 13 tu, za uwindaji na sikukuu za Krismasi nyumbani kwa akina Rostov. Wengi huzimaliza kwa siku mbili. Usijizuie. Ila usijikopeshe pia: siku ulizopata mbele ziache ziwe akiba ya juzuu ya tatu.

Na ukichelewa? Kosa la kawaida ni kuongeza mara mbili. Aliyekosa siku tatu anajipangia kurasa 20 kwa siku, anashindwa siku ya pili, na deni bado lipo. Rudi kwenye sura tatu zako, ukitumia siku za mapumziko kulipa moja moja. Ukifika mwisho wa juzuu bado unadaiwa zaidi ya sura 18, sogeza tarehe zilizobaki kwa wiki moja na uendelee. Hata wasomaji wa kwanza hawakukipata kwa mkupuo: sehemu za mwanzo zilitoka katika jarida la Russky Vestnik mwaka 1865 na 1866, na kitabu kizima kilikamilika 1869.

Hitimisho linahitaji uamuzi wako mwenyewe. Sehemu yake ya kwanza, sura 16, inamaliza habari za watu hadi mwaka 1820. Ya pili, sura 12, haina mhusika hata mmoja. Ni hoja kuhusu nguvu gani huyaendesha mataifa. Lengo la kurasa 10 halifai hapo. Soma sura mbili kwa siku, na mstari wako ubadilike: andika swali analouliza na jibu analolikataa. Usizirukie sura hizo. Ndiko Tolstoy anakoeleza kwa nini alimwonyesha Napoleon kama mtu anayedhani anaongoza vita, ilhali vita vinakwenda vyenyewe. Anayeanza Jumatatu ya kwanza ya Januari atakuwa amezifikia mwanzoni mwa Juni.