Akikojoa kitandani, fimbo haisaidii

Mtoto wa miaka mitatu ameacha nepi mwezi uliopita. Mchana anaomba mwenyewe kwenda chooni, lakini asubuhi shuka limelowa. Wazazi wengi hudhani ni uvivu au jeuri. Sivyo.

Kuamka mkavu hakufundishwi kama kutumia poti mchana. Ni lazima ubongo uweze kumwamsha kibofu kinapojaa, na mwili utoe homoni ya kutosha ya kupunguza mkojo usiku. Hayo huja kwa ukuaji, ndiyo maana madaktari hawahesabu kukojoa kitandani kuwa tatizo kabla ya miaka mitano.

Kumchapa au kumwaibisha hakuzuii jambo linalotokea akiwa usingizini. Badala yake huogopa kulala, huficha nguo zilizolowa, au hukataa maji mchana, na mkojo ukiwa mzito hukera kibofu.

Mpe maji ya kutosha mchana, mkojoze kabla ya kulala, na utandike mpira chini ya shuka. Akilowa, mbadilishe bila kumgombeza. Mpeleke hospitali akilia anapokojoa, akiwa na homa au kiu isiyo ya kawaida, au akianza tena baada ya miezi sita ya kuamka mkavu.