Kichwa kinauma, mtoto ananyonya

Mama anayenyonyesha akiumwa kichwa, hana haja ya kuvumilia wala kumkatiza mtoto ziwa. Parasetamoli na ibuprofeni huingia kwenye maziwa kidogo mno, na zote zinakubalika, ingawa mwenye vidonda vya tumbo aiache ibuprofeni. Parasetamoli isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku.

Aspirini aiepuke, nayo hujificha ndani ya dawa mchanganyiko za dukani, asome pakiti. Kodeini ndiyo ya kuogopwa zaidi: miili ya baadhi ya akina mama huigeuza upesi kuwa mofini, mtoto akasinzia kupita kiasi, akashindwa kunyonya, hata kupumua.

Kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu wiki chache baada ya kujifungua, huenda ni presha ya uzazi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.