Vipokea sauti visivyo na waya: kasoro ya 2025 na namna ya kuiziba

Kipokea sauti kisicho na waya, hata kile kidogo kinachoingia ndani ya sikio, ni kompyuta iliyokamilika, kwa kuwa chipu yake inayozungumza na simu kwa njia ya Bluetooth huendeshwa na programu dhibiti, yaani maagizo yaliyohifadhiwa katika kumbukumbu ya kifaa chenyewe, ambayo mwenye kifaa hayaoni. Kasoro ikigunduliwa katika maagizo hayo baada ya kifaa kuuzwa, haizibiki ila kwa kuyasasisha, yaani kuweka toleo jipya mahali pa lile la zamani.

Kasoro ya aina hiyo ilitangazwa Juni 2025 na wataalamu wa kampuni ya ERNW ya Ujerumani, walipobaini kwamba chipu za kampuni ya Airoha ya Taiwan, zinazotumiwa katika baadhi ya vipokea sauti vya Sony, Bose, JBL na Marshall, zilikuwa na njia ya matengenezo iliyoachwa wazi bila kudai idhini yoyote. Mtu mwenye ujuzi, akiwa umbali wa mita 10 hivi, angeweza kupitia njia hiyo kusoma kumbukumbu ya kifaa, kuchukua ufunguo wa siri unaokitambulisha kwa simu, kisha kujifanya yeye ndiye kipokea sauti na kuiamuru simu ipige namba fulani. Airoha iliwapa watengenezaji marekebisho mwanzoni mwa Juni, na Desemba mwaka huohuo maelezo kamili ya udukuzi huo yakawekwa hadharani. Shambulio hili si jepesi, wala si sababu ya kutupa kifaa. Lakini mfanyabiashara wa Butembo anayekubaliana bei za shehena ya Kasindi kwa simu, akiwa katikati ya soko, hana faida yoyote katika kubaki na toleo la zamani.

Mfano mzuri wa namna ya kusasisha ni Sony WH-1000XM4 ya mwaka 2020, iliyokuwa miongoni mwa vifaa vilivyotajwa. Mwenye kifaa huweka katika simu programu ya mtengenezaji, Sound Connect, huunganisha kipokea sauti na simu hiyo moja tu, kisha hufungua programu, ambayo humjulisha kama kuna toleo jipya na kumwomba akubali. Kazi hupita hatua tatu: simu hupakua faili kutoka intaneti, huihamishia kwenye kipokea sauti kwa Bluetooth, na mwishowe kipokea sauti hujisakinishia toleo hilo na kujiwasha upya. Tofauti ya hatua hizi ina maana kubwa mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kwani modemu ikizimika au mega zikiisha, ni upakuaji tu unaosimama. Faili ikishafika ndani ya simu, uhamishaji hauhitaji tena intaneti. Uhamishaji ndio unaochosha, kwa sababu unaweza kuchukua hata nusu saa, na simu inapaswa kukaa karibu bila kutumiwa kupiga wala kucheza muziki.

Betri ya kifaa hiki lazima ijazwe mapema, kwa kuwa WH-1000XM4 hujizima pindi waya wa chaji unapochomekwa. Muunganisho ukikatika wakati wa uhamishaji, kwa kawaida toleo la zamani hubaki salama na kazi huanzwa upya. Hatari halisi ni katika usakinishaji: kifaa kikizimwa wakati kinaandika juu ya kumbukumbu yake, maagizo yanaweza kubaki nusu na kifaa kisiwake kamwe. Dalili yake ni taa isiyowaka na kitufe kisichoitikia hata baada ya kuchajiwa. Hapo hujaribiwa kukiwasha upya kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, huku waya wa chaji umechomekwa, jambo lisilofuta mipangilio, na likishindikana hubaki fundi wa mtengenezaji, ambaye ni vigumu kumpata Beni.

Vipokea sauti vidogo vinavyoingia masikioni vina tatizo lao, kwa sababu kila upande una chipu yake: upande mmoja ukisasishwa na mwingine ukaachwa, vyaweza kukataa kufanya kazi pamoja. AirPods za Apple hufuata utaratibu mwingine kabisa, kwani hazina kitufe cha kusasisha. Huwekwa katika kisanduku chao kilichounganishwa na umeme, karibu na simu ya Apple yenye Wi-Fi, zikaachwa zijisasishe zenyewe.

Bidhaa za kuiga, ambazo zimejaa mabandani, mara nyingi hazitambuliwi na programu ya mtengenezaji, hivyo hazipati sasisho lolote hata kama zina jina la kampuni kubwa ubavuni. Mnunuzi anaweza kulijua hilo kabla ya kulipa, akiomba kifaa kiunganishwe na programu palepale dukani na namba ya toleo isomwe kwenye kioo cha simu.