Goti Lililo Jikoni

Mpishi mzoefu anapomkata kuku vipande hapigi kisu juu ya mfupa. Hushika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono wa pili, akaukunja na kuukunjua mguu mara mbili tatu, akapapasa kwa kidole pale mifupa miwili inapokutana, ndipo akapitisha ncha ya kisu. Mguu unaachia na hakuna mfupa uliovunjika. Bila kuyataja majina, mpishi huyo amekwisha kata tendoni na ligamenti za goti.

Shuleni somo hilohilo huwa gumu, na sehemu ya ugumu imo katika maneno yetu. Ule uzi mweupe unaogoma kutafunika tunauita kano, na wengi husema mshipa tu, neno lilelile tunalotumia kwa njia za damu na za fahamu. Kisha kitabu kinakuja na sentensi mbili: ligamenti huunga mfupa na mfupa, tendoni huunga msuli na mfupa. Mwanafunzi anazikariri, na siku ya mtihani anazibadilishana, kwa sababu hajawahi kukishika kimoja wala kingine. Miguu miwili ya kuku mbichi inatosha kumaliza tatizo hilo.

Tafuta miguu mizima, kutoka paja hadi kwenye kucha. Mwambie muuzaji mapema, maana wengi hukata ile sehemu yenye magamba na kuiuza kando, na hapo nyuzi tunazozitafuta zinakuwa zimekwisha katwa. Andaa pia kisu kidogo chenye makali, mkasi, sinia na sabuni.

Kwanza mpe kila kiungo jina lake. Kile kinachoonekana kama goti lililokunjwa kinyume, pale nyama inapokwisha na magamba yanapoanza, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu zaidi, kati ya paja na muundi, na kuku akiwa hai manyoya hulificha.

Chuna ngozi yote ya muundi, kisha tenganisha nyama kwa vidole, si kwa kisu. Utaona kuwa nyama si bonge moja. Ni misuli kadhaa, kila mmoja katika utando wake mwembamba. Fuata mmoja kuelekea chini: unazidi kuwa mwembamba, rangi ya nyama inatoweka, na unabaki uzi mweupe unaong'aa. Hiyo ndiyo tendoni. Ishike na uivute. Ukivuta ule mkubwa wa nyuma, kifundo kinanyooka. Ukivuta zile nyembamba zilizo chini yake, vidole vinajikunja kana kwamba kuku anashika tawi. Ukivuta ya mbele, vidole vinafunguka.

Hapa mpe mwanafunzi nafasi ya kushangaa. Vidole vya kuku karibu havina nyama, lakini vinasogea kwa nguvu inayotoka juu, kwenye muundi. Mwambie aushike mkono wake mwenyewe chini kidogo ya kiwiko, kisha achezeshe vidole. Atahisi misuli ikicheza palepale aliposhika, mbali na vidole vinavyosogea. Tendoni ni kamba inayosafirisha mvuto wa msuli hadi kwenye mfupa.

Sasa linganisha miguu miwili kwenye kiungo kimoja, yaani kifundo. Katika mguu wa kwanza, kata kwa mkasi tendoni zote za mbele na za nyuma, juu kidogo ya kifundo. Vuta misuli: vidole havisogei tena. Lakini shika mifupa ya juu na chini ya kifundo ujaribu kuipinda upande. Inakataa. Kiungo bado kinakunjika na kukunjuka kama bawaba ya mlango, na hakiendi kwingine.

Katika mguu wa pili, usiguse tendoni. Tafuta pembeni mwa kifundo, kulia na kushoto, utepe mfupi, bapa, uliobana mfupa kwa mfupa. Hauna nyama upande wowote. Hiyo ndiyo ligamenti. Ikate pande zote mbili, kisha pinda tena. Kifundo kinafunguka pembeni na kuyumba. Ajabu ni kwamba ukivuta tendoni, vidole bado vinajikunja. Mguu wa kwanza ulipoteza mwendo ukabaki imara. Wa pili ulipoteza uimara, na mvuto wa msuli bado unafika.

Baada ya hapo fungua goti. Kata taratibu mfuko mwembamba unaolizunguka na uweke kidole ndani: utahisi ute unaoteleza. Ncha za mifupa zimefunikwa gegedu nyeupe laini. Ibonyeze kwa ukucha uone inavyobonyea kidogo. Katikati kuna ligamenti mbili fupi zinazopishana kama herufi X. Goti la binadamu lina zake mbili zilizokaa hivyohivyo, na ile ya mbele ndiyo inayokatika kwa wachezaji wengi wa mpira wanapogeuka ghafla mguu ukiwa umekanyaga chini.

Mambo mawili hupotosha. La kwanza ni mfupa mwembamba kama sindano uliolala kando ya mfupa wa muundi. Wanafunzi huudhani kuwa tendoni, lakini tendoni hukunjika kama kamba, mfupa huo haukunjiki. La pili ni umri wa kuku. Wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki chache tu, na ncha za mifupa yake hazijakomaa. Ukisokota kwa nguvu, ncha ya mfupa hung'oka na ligamenti ikabaki nzima, na mwanafunzi akadhani ameikata. Ukiona kipande cha gegedu kimening'inia kwenye utepe, ndicho kilichotokea. Kuku wa kienyeji aliyekomaa hufaa zaidi.

Usijaribu somo hili kwa nyama iliyochemshwa. Tendoni na ligamenti zote zimejengwa kwa kolajeni, na kolajeni ikikaa muda mrefu katika maji ya moto hulainika na kuyeyuka. Ndiyo sababu supu ya makongoro ikipoa huganda na kutikisika, na ndiyo sababu mifupa ya kuku aliyeiva sana huachana yenyewe. Kilichokuwa kinaishikilia kimeingia kwenye mchuzi.

Kuku mbichi hubeba vijidudu vinavyoharisha, kama salmonela. Asiye na kidonda mkononi ndiye ashike, kila mtu anawe kwa sabuni akimaliza, na vyombo visafishwe kwa maji ya moto na sabuni. Nyama iliyopita katika mikono ya darasa zima isirudi jikoni.

Mwalimu, usianze kwa kuandika tafsiri ya maneno ubaoni. Mpe mwanafunzi uzi mmoja wa mguu wa kuku umuulize: ncha zake mbili zimeshika nini? Akikuta msuli upande mmoja na mfupa upande wa pili, ameshika tendoni. Akikuta mfupa pande zote mbili, ameshika ligamenti. Aandike sentensi yake mwenyewe baada ya hapo.