Saa ngapi bomba litaganda?

Shishiyu, mkoani Simiyu, bomba lililoachwa nje usiku wa Julai halina hofu ya kuganda. Lakini Horombo, kambi iliyo mita 3,720 juu ya Mlima Kilimanjaro, joto hushuka chini ya sifuri usiku, na muda wa maji kuganda hapo unaweza kukadiriwa kwa kalamu na karatasi.

Tuchukue bomba la chuma la nusu inchi, limelazwa juu ya ardhi, maji yametulia ndani. Kila mita moja lina gramu 200 za maji na kilo 1.2 za chuma. Saa moja jioni bomba lina nyuzi 8, hewa ipo nyuzi 5 chini ya sifuri, na upepo ni mdogo. Kwa kuwa bomba ni jembamba, tunaweza kuhesabu chuma na maji pamoja, kana kwamba lote lina joto moja. Kila tofauti ya nyuzi moja kati yake na hewa hupoteza takriban wati 0.67 kwa mita. Muda wa kufikia sifuri ni

t = (C/hA) × ln(13/5)

C/hA, yaani uwezo wa kutunza joto ukigawanywa kwa kasi ya kulipoteza, ni dakika 36 hivi. Jibu ni dakika 34.

Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea. Maji ya sifuri bado ni maji. Ili yawe barafu, kila kilo lazima itoe kilojuli 334 za joto fichu, bila kipimajoto kushuka hata kidogo. Bomba letu sasa linapoteza wati 3.4 tu kwa mita, kwa hiyo gramu zile 200 zinahitaji saa tano na nusu. Zitaganda zote kama saa saba usiku. Upepo mkali unaweza kuifikisha saa hiyo mapema, saa tatu na nusu.

Hesabu hii ina mipaka. Anga likiwa wazi, bomba humimina joto lake kuelekea juu na kuwa baridi kuliko hewa. Tena maji yakitulia kabisa yanaweza kushuka chini ya sifuri kabla ya kuganda, kisha ghafla vijiti vya barafu vikatanda ndani na kuziba njia, ingawa ni sehemu ndogo tu iliyoganda. Barafu hutanuka asilimia 9, na maji yaliyonaswa kati yake na koki iliyofungwa hubanwa hadi chuma kupasuka, mara nyingi mbali na barafu yenyewe.

Koki ikiachwa wazi kidogo, hali ni nyingine. Kwa mita 10 za bomba hili, maji yanayoingia yakiwa na nyuzi 6, karibu lita 8 kwa saa hutosha kuzuia kuganda. Matone machache hayatoshi. Inahitajika michirizi myembamba isiyokatika.