Usomaji wa Vitabu vya Picha Wakati wa Kulala na Umilisi wa Upatanisho wa Ngeli kwa Watoto wa Ughaibuni

Watoto wengi wa wazazi wasemao Kiswahili wanaokulia ughaibuni huielewa lugha hiyo, lakini hujibu kwa lugha ya shuleni. Udhaifu wao hujitokeza mapema katika upatanisho wa kisarufi: mtoto husema "kitabu yangu" badala ya "kitabu changu", au "miti kubwa" badala ya "miti mikubwa". Sababu mojawapo ni kwamba mazungumzo ya nyumbani hutawaliwa na amri fupi kama vile "njoo", "kula" na "vaa", ambazo hazidai upatanisho wa ngeli.

Kitabu cha picha huziba pengo hilo kwa kuwa picha hudai maelezo ya idadi, ukubwa na hali. Kwa mfano, mtoto wa miaka 5 anayeishi Uingereza anatazama picha ya vikombe vilivyoanguka mezani. Usiku wa kwanza mama anasoma: "Vikombe vitatu vidogo vimeanguka." Kiambishi cha ngeli kimesikika mara nne katika sentensi moja. Usiku wa pili anaanza, "Vikombe vitatu...", kisha ananyamaza ili mtoto akamilishe. Mtoto akisema "kidogo imeanguka", mama hamkemei. Anaitikia, "Naam, vidogo vimeanguka," na kuendelea. Usiku wa nne mama anayafunika maandishi kwa kiganja, na mtoto anaisimulia picha mwenyewe. Bila hatua hii ya mwisho, usomaji humzoeza mtoto kusikiliza tu.

Usimulizi wa kifamilia humpa mtoto zamu ya kusema tangu mwanzo. Msimulizi akisema "Paukwa", hadithi haiendelei hadi mtoto aitikie "Pakawa". Zamu hiyo inaweza kupanuliwa kwa kumwachia mtoto kibwagizo chenye upatanisho, ambacho hubadilika kila mhusika anapookota kitu kipya: "kijiti hiki ni changu", kisha "jiwe hili ni langu".

Hata hivyo, mtoto anaweza kukariri kitabu pasipo kuimiliki kanuni. Namna ya kutofautisha hayo mawili ni kumwonyesha nomino isiyomo kitabuni, kwa mfano vijiko vitatu vidogo vilivyodondoka sakafuni. Akisema "vijiko vidogo vimeanguka", kanuni imehamishika. Akirudia "imeanguka", amekariri tu.

Aidha, kipimo chenyewe kina mipaka. Umbo kama "kitabu yangu" husikika pia katika mazungumzo ya watu wazima jijini Nairobi na mashariki mwa Kongo. Mtoto wa familia itokayo huko anayelitumia huenda amerithi lahaja ya wazazi wake kikamilifu. Kwa hiyo, mtafiti hana budi kurekodi kwanza usemaji wa wazazi, kisha aulinganishe na wa mtoto, kabla ya kuhukumu kwamba lugha imepotea.