Namba Iliyomo Ndani ya Tone la Juisi

Mtahiniwa wa teknolojia ya vinywaji huwekewa mezani birika la juisi ya nanasi, kipimajoto, mizani, kitambaa cha kuchujia na refraktomita ya mkononi. Swali huwa fupi: pima sukari, kisha ongeza sukari hadi juisi ifike Brix 15. Anayepita karibu na meza hiyo hudhani kazi yote ni kuchungulia kwenye kioo na kuandika namba. Ukweli ni kwamba alama nyingi hupotea baada ya namba kuonekana, kwa sababu kile jicho linachokisoma bado hakijawa jibu.

Refraktomita haiijui sukari. Inachopima ni jinsi mwanga unavyopinda unapoingia kwenye kimiminika, jambo lile lile linalofanya kijiko kionekane kimevunjika ndani ya bilauri ya maji. Maji yenye sukari huupinda mwanga kuliko maji matupu, na kadiri sukari inavyozidi ndivyo mwanga unavyozidi kupinda. Kipimo cha Brix, kinachobeba jina la Mjerumani Adolf Brix wa karne ya 19, kinaueleza mpindo huo kwa gramu za sukari katika gramu 100 za mchanganyiko. Brix 12 maana yake ni kwamba juisi inaupinda mwanga sawasawa na maji yenye gramu 12 za sukari ya miwa katika kila gramu 100.

Kazi huanza kwa kuchuja. Nyuzi za nanasi zilizoelea hazijayeyuka, kwa hiyo haziongezi Brix, lakini hutawanya mwanga na kuufanya mstari wa kusomea uwe na ukungu. Povu nalo lina madhara hayo hayo. Juisi ikishachujwa, mtahiniwa anafuta prizimu kwa karatasi laini, anadondosha matone mawili au matatu, anafunika kifuniko polepole ili hewa isinaswe, halafu anasubiri kama nusu dakika. Subira hiyo ina sababu: tone dogo kama hilo huchukua joto la prizimu upesi, lakini si papo hapo. Kisha anakielekeza kifaa kwenye mwanga wa dirisha. Sehemu ya juu inaonekana ya buluu, ya chini nyeupe, na namba inasomwa pale rangi hizo mbili zinapokutana. Anasafisha, anarudia mara tatu, anachukua wastani.

Tuseme wastani wake ni 11.4, na kipimajoto kinasema nyuzijoto 28. Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie, maana katika nchi zetu za joto jambo hili si dogo hata kidogo. Mizani ya Brix imetengenezwa kwa nyuzijoto 20. Juisi ikipata joto hutanuka, inakuwa nyepesi kidogo, na mpindo wa mwanga unapungua. Namba inayosomwa inakuwa ndogo kuliko ilivyo kweli, kwa hiyo marekebisho ni ya kuongeza. Wapo wanaopunguza kwa kudhani kwamba joto limeikuza namba, nao wanajikuta wamelikuza kosa mara mbili. Kwenye jedwali la marekebisho, juisi ya kiwango hiki kwa nyuzijoto 28 huongezewa karibu 0.6. Jibu linakuwa Brix 12.0.

Lakini si kila kifaa kinastahili nyongeza hiyo, na swali hili huwatenganisha waliokariri na walioelewa. Kifaa chenye maandishi `ATC` ubavuni hurekebisha joto chenyewe. Ukiongeza tena 0.6 umerekebisha mara mbili. Vilevile, kama kifaa hakina maandishi hayo lakini umekiweka sifuri wewe mwenyewe, hapo hapo mezani, kwa maji yenye nyuzijoto 28, basi sehemu kubwa ya marekebisho umeshaifanya kwa ile parafujo. Kinachobaki ni chini ya 0.1. Nyongeza kamili ya jedwali inamhusu tu aliyepewa kifaa kisicho na `ATC`, kilichowekwa sifuri kwa nyuzijoto 20. Namna ya kujua ni rahisi: kabla ya kugusa parafujo, weka maji yaliyokeneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa tena, yakiwa na joto la chumba. Mstari ukisimama chini ya sifuri kwa karibu nusu, kifaa hakijirekebishi na jedwali linahitajika. Ukisimama kwenye sifuri, kuna mtu au kitu kilichokwisha kurekebisha.

Tukishapata 12.0, inabaki kuisema kwa usahihi. Wengi huandika kwamba lita moja ya juisi hiyo ina gramu 120 za sukari. Brix inahesabu uzito kwa uzito, na lita ya juisi ya Brix 12 ina uzito wa karibu gramu 1,047. Asilimia 12 ya uzito huo ni karibu gramu 126. Tena hizo gramu 126 ni za vitu vyote vilivyoyeyuka: sukari kwa sehemu kubwa sana, pamoja na asidi na madini kidogo. Kwa nanasi tofauti ni ndogo, na mtahini huridhika ukiitaja tu. Kwa limau ni habari nyingine kabisa. Juisi ya limau inaweza kusoma Brix 8 huku sukari yake ikiwa gramu 2 hivi kwa kila gramu 100, kwa kuwa kilichojaa humo ni asidi ya sitriki. Hata maji yenye chumvi yatakupa namba nzuri ya Brix bila chembe ya sukari.

Sasa sehemu ya pili ya swali. Juisi ni kilo 5, inatoka Brix 12 kwenda 15. Hesabu inayokimbiliwa ni hii: tofauti ni 3, asilimia 3 ya kilo 5 ni gramu 150, basi pima gramu 150. Ukizitia na kukoroga, refraktomita inaonyesha karibu 14.6, na mtahiniwa anaanza kukishuku kifaa. Kifaa hakina kosa. Sukari aliyoongeza imeongeza pia uzito wa juisi, ambao sasa ni kilo 5.15. Hesabu sahihi huanza na sukari iliyokuwemo, gramu 600, kisha huiita nyongeza x:

```
(600 + x) / (5000 + x) = 0.15
600 + x = 750 + 0.15x
0.85x = 150
x = 176
```

Gramu 176, basi, na si 150. Akishazitia, akoroge mpaka chini ya chombo kusisikike mchakacho wa chembe, kwa sababu sukari ambayo haijayeyuka haihesabiwi na mwanga. Tone likichukuliwa juu ya birika mapema mno litasoma pungufu, naye ataongeza sukari isiyohitajika, na kufikia dakika kumi baadaye juisi itakuwa imepita 15.

Saa nayo ina neno lake. Juisi mbichi iliyokamuliwa alfajiri na kuachwa kwenye meza yenye joto huanza kuchacha, na chachu inapoila sukari hutoa alkoholi. Alkoholi nayo huupinda mwanga, kwa hiyo namba hushuka kidogo kuliko sukari ilivyopungua hasa, na refraktomita pekee haiwezi kuonyesha tofauti hiyo. Dalili ziko nje ya kifaa: vipovu vidogo vinavyopanda bila kukoma, na harufu kali inayofanana na ya togwa iliyolala. Mtahiniwa akiziona, aandike kwenye ripoti yake kwamba sampuli imeanza kuchacha, pamoja na saa aliyopima, joto la juisi na aina ya kifaa alichotumia.